Altaneta mpya, betri bado inakufa: volti moja iliyopotelea kwenye boliti

Mwezi wa sita Tengeru kunakuwa na ule ubaridi wa kuvaa makoti mawili na manyunyu yasiyokatika. Ndipo gari langu lilipoanza kunigomea. Nina kirikuu, kile kigari kidogo cha Kijapani cha mizigo, nabeba nyanya, karoti na hoho kupeleka soko la Kilombero, Arusha mjini. Natoka nyumbani saa 10 alfajiri, taa kubwa zinawaka, waipa zinakwenda, feni ya ndani inapuliza kioo kwa sababu ya ukungu. Asubuhi moja nikageuza ufunguo, stata ikalia tk, tk, tk, kisha kimya. Wachalii wa sokoni wakanisukuma, likawaka, nikawapa elfu mbili. Sikujua kwamba hiyo elfu mbili nitaitoa karibu kila wiki kwa mwezi mzima na nusu.

Wazo la kwanza lilikuwa betri, na kwa kweli iliyokuwepo ilishazeeka. Nikanunua mpya kwa shilingi 145,000. Siku nne gari likawa zima, siku ya tano tk, tk, tk. Hapo nikaenda kwa fundi mmoja wa mjini. Alifungua boneti iliyo chini ya viti, akawasha gari, kisha akachomoa tamino ya betri injini ikiwa inaunguruma. Injini haikuzima. Akairudisha tamino, akasikiliza kidogo, akasema: "Kaka, altaneta inazalisha lakini imechoka. Hii haitoshi kujaza betri." Nikamwamini, maana mimi mwenyewe sikuwa na namna ya kumbishia. Altaneta nyingine ya mtumba iliyofanyiwa sevisi ilinigharimu 160,000, ufundi 25,000. Ile ya zamani nikaiacha pale pale gerejini. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu sasa najua karibu kwa hakika kwamba ilikuwa nzima.

Baada ya kufunga, fundi alipima kwenye betri kwa mita yake, gari likiwa linaunguruma. Ikasoma 13.7. "Umeona? Inachaji." Tukapeana mikono. Siku ya sita nikasukumwa tena.

Nilirudi kwake mara mbili. Mara ya kwanza akapima tena, 13.7 ile ile, akaniambia labda ninaacha redio usiku. Mara ya pili akaniambia betri niliyonunua ni feki. Nilipomuuliza kama inaweza kuwa waya au fyuzi, alichomoa waya, akaweka mita kwenye alama ya mlio, akagusa huku na huku, mita ikapiga mlio. "Fyuzi nzima, waya mzima. Unataka nini tena?"

Hapo kuna mambo mawili ambayo mtu yeyote mwenye tatizo hili anapaswa kuyajua kabla hajatoa pesa. Kuchomoa tamino ya betri gari likiwa linaunguruma hakupimi chochote cha maana. Injini ndogo inahitaji ampea chache tu kwa ajili ya plagi na pampu ya mafuta, kwa hiyo altaneta dhaifu, nyaya mbovu, fyuzi iliyolegea, vyote vitafaulu mtihani huo. Ila unapoiondoa betri ghafla, volti za altaneta zinaweza kuruka juu sana kwa kitambo kifupi na kuua dayodi au kompyuta ya gari. Na ule mlio wa mita nao una mipaka yake. Mita inapolia, inapitisha umeme mdogo mno kupita kwenye waya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utalia vizuri tu. Swali letu si kama umeme unapita. Swali ni kama unapita wa ampea 30 bila volti kupotea njiani.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi umeme wa magari anayefanyia kazi nyumbani kwake, upande wa Usa River. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamsalimu, shikamoo mzee, nikamweleza mkasa wote. Hakuinuka hata. Akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Inakufa siku gani? Ukifanya kazi usiku au mchana?"

Nilifikiri kidogo, nikaona aibu. Zile siku nilizobeba mzigo wa mchana, kesho yake gari liliwaka. Kila siku niliyosukumwa ilifuatia usiku wa mvua au alfajiri mbili tatu mfululizo. Ningeweza kuliona hilo mwenyewe bila mita yoyote.

"Basi mtu aliyekupimia mchana, taa zimezimwa, amepima gari lingine," mzee akasema. Akainuka.

Kwanza aliichomoa betri, akaiweka kwenye chaja mpaka jioni, akaniambia nirudi. Alisema ukipima mfumo wa chaji betri ikiwa tupu, kila namba itakudanganya, kwa sababu betri yenye njaa inavuta umeme mwingi na kuziteremsha volti hata kama mfumo ni mzima. Niliporudi ilikuwa imepumzika kama saa mbili baada ya kutolewa kwenye chaja na ilisoma 12.7. Betri nzima iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.2 iko nusu tupu. Kwa hiyo betri yangu haikuwa feki. Ilikuwa inashinda na njaa tu.

Kabla ya kuwasha injini alifanya kipimo kimoja cha haraka. Aligusa ile boliti nene nyuma ya altaneta, ile inayofungwa waya mkubwa kabisa, na waya mweusi wa mita akauweka kwenye hasi ya betri. Ikasoma karibu sawa na betri. Akanieleza kwamba ingesoma sifuri, tungejua papo hapo kwamba fyuzi kubwa ya chaji imekatika, kwa sababu ile boliti imeungwa na betri muda wote, hata gari likiwa limezimwa. Hiyo hutokea sana kwa mtu aliyebusti gari usiku akageuza nyaya, chanya kwenye hasi. Fyuzi inajitoa mhanga, altaneta inabaki imetengwa na betri, na mwenye gari anauziwa altaneta mpya ambayo nayo haina pa kupeleka umeme. Yangu haikuwa hivyo. Yangu ilikuwa inapitisha, na ndiyo maana ilitusumbua.

Kisha tukawasha gari. Mzee akaniambia niwashe kila kitu: taa kubwa, zile taa mbili za ziada nilizofunga mbele kwa ajili ya ukungu, waipa, feni ya ndani, redio. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo, injini iende juu ya mwendo wa kutulia, nishikilie hapo. Ukiwasha hivyo gari dogo kama langu linakula karibu ampea 30.

Kwenye betri mita ikasoma 12.8.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikazima taa na feni, ikapanda 13.7, ile namba ya fundi wa mjini. Nikawasha, ikarudi 12.8. Betri iliyojaa ni 12.7 ikiwa imelala, kwa hiyo ikipewa 12.8 haijazwi, inashikiliwa tu isianguke. Na feni ya rejeta ilipojiwasha, namba ikashuka chini zaidi, maana yake hapo betri ilikuwa inachangia mzigo badala ya kulishwa. Safari zangu zote za alfajiri zilikuwa hivyo. Nilikuwa naendesha gari kwa betri huku altaneta ikizunguka.

"Sasa hapa," mzee akasema, "fundi mwenye haraka atakuuzia altaneta nyingine." Akahamisha nyaya za mita. Nyekundu kwenye boliti ya nyuma ya altaneta, nyeusi kwenye mwili wa altaneta yenyewe. Taa zote bado zinawaka. Ikasoma 14.2.

Kipimo hiki kimoja ndicho kingeniokolea 185,000. Regyuleta iko ndani ya altaneta na kazi yake ni kuzuia volti zisishuke wala kupanda kupita kiasi. Kwa magari mengi ya umri wa langu, nyuma ya altaneta unatarajia kati ya 13.8 na 14.5, mzigo ukiwa umewashwa. Ikiwa pale pale mgongoni ni ndogo na mkanda umekaza vizuri, basi ndiyo, shaka iko ndani: kaboni zimeisha, dayodi imekufa au regyuleta imechoka. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, na utaijua hata kwa pua, betri inachemka na kunuka kama yai bovu. Yangu 14.2 ilikuwa safi. Altaneta ilikuwa inatoa kila kitu ilichotakiwa kutoa, na kwa kuwa regyuleta yake inasoma volti pale pale mgongoni kwake, ilikuwa imeridhika kabisa. Ndiyo sababu hata taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka. Altaneta haikujua kwamba kuna volti moja na zaidi inapotea njiani. Baadhi ya magari yana waya mwembamba wa pekee unaokwenda kusoma volti kwenye betri yenyewe, na hayo hujirekebisha kiasi. Na mengi ya kisasa yana kompyuta inayoshusha chaji kwa makusudi kupunguza mafuta, kwa hiyo usichukue namba zangu ukazibandika kwenye gari la mwaka jana.

Mzee alinieleza kwa mfereji, naye ni Mmeru. Alisema mfereji wenye tope katikati, maji yakiwa yamesimama, kina ni kile kile juu na chini. Fungulia shamba zima ndipo utaona chini hakufiki kitu.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Huhitaji kuchomoa waya wowote. Gari linaunguruma, mzigo wote umewashwa, unaweka ncha moja ya mita mwanzo wa njia na nyingine mwisho wa njia, na mita inakuambia volti ngapi zimepotea katikati. Njia nzima ya umeme haina haja ya kukisiwa.

Upande wa chanya, kutoka boliti ya altaneta hadi tamino chanya ya betri: 1.2. Upande wa hasi, kutoka mwili wa altaneta hadi tamino hasi: 0.2. Nikapiga hesabu kichwani. 14.2 toa 1.2 toa 0.2 ni 12.8. Namba ile ile tuliyoanza nayo kwenye betri. Nilisisimka kama mtoto. Hakuna kilichokuwa kimefichika tena, pesa yote imehesabiwa.

Ile 0.2 ya hasi mzee alisema inavumilika, ila baadaye alifungua waya wa ethi unaounga injini na bodi, akaupiga msasa, ikashuka hadi 0.1. Kwenye magari mengine tatizo lote liko hapo, hasa baada ya injini kushushwa na waya wa ethi kufungwa juu ya rangi au kutu, au kusahaulika kabisa. Ndiyo maana upande huo haurukwi.

Tukarudi kwenye chanya. Njia yake kwenye gari langu ni hivi: waya mnene unatoka altaneta hadi kwenye kiboksi kidogo cheusi, humo unafungwa kwa boliti upande mmoja wa fyuzi kubwa, na upande wa pili wa fyuzi unafungwa waya unaokwenda betri. Fyuzi yenyewe ni ukanda wa chuma ndani ya plastiki yenye kidirisha, na inashikwa kwa boliti mbili badala ya kuchomekwa kama fyuzi ndogo. Mzee akapima kipande kwa kipande. Altaneta hadi boliti ya kuingilia: 0.1. Boliti ya kutokea hadi betri: 0.1. Boliti hadi boliti, kupita kwenye fyuzi: 1.0.

Volti nzima ilikuwa inapotelea kwenye urefu wa kidole gumba.

Alizima gari, akasubiri, akachomoa tamino hasi ya betri. Hilo usiliruke hata kidogo. Ule waya wa altaneta una umeme muda wote, na spana namba 10 ikigusa boliti hiyo na bodi kwa pamoja inaweza kujilehemu mkononi mwako. Kisha akafungua kifuniko. Plastiki upande wa boliti ya kutokea ilikuwa imegeuka kahawia na kujikunja kama maganda ya karanga. Ukanda wa fyuzi ulikuwa mzima, unaonekana kabisa kwenye kidirisha. Ila boliti ile aliizungusha kwa vidole viwili.

Chini ya boliti palikuwa na kitu cha ziada. Kipete chembamba cha waya, cha bati, kimekaa katikati ya mguu wa fyuzi na kichwa cha waya wa betri. Kimeungua, cheusi.

"Nani alifunga hizi taa za ukungu?"

Nilikaa kimya kwanza. Kisha nikasema, "Mimi, mzee."

Nilizifunga mwezi wa tano, siku ya Jumapili, nikiwa najiona fundi. Nilitafuta mahali penye umeme, nikaiona hiyo boliti, nikaifungua, nikachomeka kipete changu katikati, nikakaza kwa makadirio. Hakikuwa na upana wa kutosha wala unene. Shaba ya mguu wa fyuzi na shaba ya kichwa cha waya hazikugusana tena, umeme wote ukawa unapita kwenye kibati changu. Kikapata moto, moto ukalegeza boliti, kulegea kukaongeza moto. Volti moja kwa ampea 30 ni wati 30 za joto, sawa na pasi ya fundi redio, imewekwa ndani ya kiboksi cha plastiki kila alfajiri. Zile elfu mbili za kusukumwa, betri, altaneta, na lawama zote nilizompa fundi wa mjini kwa mke wangu mezani. Fundi yule alikosea kupima, hilo sitalifuta. Ila ugonjwa niliupanda mimi.

Matengenezo yalichukua muda mfupi kuliko chai ya mzee. Alitupa kipete, akakata kichwa cha waya wa betri kilichoungua, akavua ganda mpaka akafika kwenye shaba inayong'aa, akabana kichwa kipya kwa koleo la kubania. Fyuzi alibadilisha kwa sababu mguu wake ulikuwa umepoteza rangi, akaweka ya ampea zile zile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Nilimuuliza kwa utani kama angeweza kuweka kipande cha waya mnene tu tumalize. Hakucheka. Fyuzi hiyo ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya betri na moto siku waya wa altaneta utakapogusa bodi. Na ikiwa yako imekatika kabisa, kuweka mpya bila kujua kilichoikata ni kupoteza fyuzi ya pili. Taa zangu za ukungu alizipa njia yake: waya kutoka betri, fyuzi yake ndogo karibu na tamino, na rilei. Vifaa vyote 22,000, ufundi 15,000. Nilijaribu kumwongeza, akakataa, ila kreti ya nyanya alipokea.

Tukapima upya, kila kitu kimewashwa. Nyuma ya altaneta 14.2. Boliti hadi boliti kwenye fyuzi, 0.05. Kwenye betri, 13.9. Akachukua kalamu nene akaandika namba hizo tatu upande wa ndani wa kifuniko cha kiboksi pamoja na tarehe.

Nikanunua mita ya elfu 18, ile ya kawaida. Nilikuwa na hofu kwamba zile wiki sita za njaa zimeiumiza betri mpya, na kweli kidogo zimeiumiza: baada ya kulala usiku husoma 12.5 badala ya 12.7. Inatosha kuwasha. Mzee alisema betri iliyokaa nusu tupu muda mrefu hairudi yote, nisitegemee miaka niliyoahidiwa dukani.

Kila mwisho wa mwezi, nikishashusha mzigo Kilombero, gari likiwa linaunguruma nawasha taa zote nasoma betri, kisha nazima na kugusa kifuniko cha kile kiboksi kwa mgongo wa mkono. Jumamosi iliyopita ilikuwa 13.8, na kifuniko cha baridi kama asubuhi yenyewe. Mchalii mmoja kati ya wale walionisukuma aliniona nimeinama akaja mbio, akidhani ana elfu mbili yake.